Ndala nyembamba au sandali ya mkanda wa nyuma? Ulinganisho kwa anayetembea kila siku

Mtu akilalamika kwamba viatu vya wazi vinamuumiza miguu, mtazame kwanza nyuma ya kisigino. Kuna mkanda pale, au hakuna kitu? Mara nyingi jibu liko hapo. Vidole kupigwa na hewa hakujamdhuru mtu. Taabu inaletwa na kiatu kisichoweza kujishika chenyewe mguuni, kikaviachia vidole kazi hiyo, tena kikiwa na soli nyembamba isiyobakiza kitu kati ya kisigino na ardhi. Ndala nyembamba ina kasoro zote mbili kwa pamoja.

Ninazozisema ni zile za kawaida kabisa: soli bapa ya sponji au mpira, na kamba yenye matawi mawili inayoingia kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Nitazipanga na viatu vingine vitatu vya wazi: sandali yenye mkanda wa nyuma, ndala nene iliyochongwa kufuata umbo la unyayo, na slipa ya mkanda mpana unaopita juu ya wayo. Nisizunguke: kwa mtu anayetembea zaidi ya robo saa mfululizo, sandali ya mkanda wa nyuma ndiyo ya kununua, na hizo mbili nyingine zinafuata kwa mbali. Lakini sababu zake si zile zinazosemwa kila mara, hasa likija suala la goti.

Nani anakishika kiatu?

Tuitazame hatua moja polepole. Mguu unapoondoka chini na kupita hewani kwenda mbele, sandali yenye mkanda wa nyuma huja nao tu. Ndala haina cha kuifuata isipokuwa ile kamba ya mbele. Sehemu ya nyuma inaning'inia, na ili isichomoke vidole hujikunja na kuibana soli. Hufanyi kwa kukusudia, na ukijitazama unaweza usione chochote. Ila jaribu hivi: vaa ndala, shika ukuta, inua mguu mmoja na ulegeze vidole vyote kabisa. Kisha tikisa mguu kidogo, kama unakung'uta mchanga. Ndala itateleza, na kama kamba imeshalegea itaanguka. Ile nguvu uliyoiachia kwa makusudi ndiyo unayoitumia bila kujua kila mguu unapokuwa hewani.

Sasa, misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Inaanzia nyuma ya mifupa miwili iliyo chini ya goti, ndani kabisa ya kigimbi, na kano zake ndefu hupita nyuma ya kifundo upande wa ndani, zikaingia chini ya unyayo hadi kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo anayebana ndala kutwa nzima hasikii maumivu kwenye vidole. Anasikia kigimbi kimekaza jioni, au uchovu unaowaka nyuma ya kifundo cha ndani, au unyayo mzima umechoka, na hawazi kabisa kwamba kiatu ndicho chanzo. Atasema amesimama sana.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu mwisho wa hatua. Kisigino kinapoinuka na uzito kuhamia mbele, kidole gumba kinatakiwa kikunjike kuelekea juu kwenye kiungo chake cha shina. Kinapokunjika hivyo, kinauvuta ule utando mgumu uliotandazwa chini ya unyayo kutoka kisigino hadi vidoleni, na utando ukivutika, tao la unyayo linapanda na wayo unakuwa imara wa kusukumia mwili mbele. J. H. Hicks aliueleza utaratibu huu mwaka 1954, na hadi leo wanaotibu miguu wanauchunguza kwa kukiinua kidole gumba kwa mkono na kutazama kama tao linapanda. Kidole kilicho kwenye kazi ya kubana chini hakiko huru kupanda juu. Wayo unaondoka ukiwa umelegea zaidi kuliko ulivyopaswa, na utando ule unabaki unavutwa huku na huku bila kusaidiwa na tao.

Anayetaka ushahidi asitafute mbali, achukue ndala yake kuukuu na kuipindua kwenye mwanga. Juu ya soli ataona mashimo matano ya vidole. Kama mashimo ni ya duara na mafupi, vidole vilikuwa vimetulia. Kama yamerefuka kuelekea nyuma, na lile la kidole gumba limechimbika ukingoni, basi vidole vilikuwa vinakwangua soli kila siku. Atazame pia nyuma: mara nyingi shimo la kisigino haliko katikati, limesogea pembeni hadi ukingo umebonyea, kwa sababu kisigino kilikuwa kinakanyaga nusu ndani na nusu nje.

Unene uliopo na unene unaobaki

Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta ambao kwa mtu mzima una unene wa kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Umegawanyika katika vyumba vidogo vidogo, na kazi yake ni kupokea kishindo. Bila kiatu, juu ya udongo laini au nyasi, mto huu unatosha. Juu ya saruji, lami na vigae, ardhi haibonyei hata kidogo, na kila kitu kinaachiwa huo mto pamoja na soli.

Soli ya ndala nyembamba ikiwa mpya inaweza kuwa na milimita 10 hadi 15. Haionekani mbaya. Shida ni kwamba sponji rahisi hairudi. Vipovu vya hewa vilivyomo ndani yake vinapasuka na kulaliana pale uzito unapotua, yaani chini ya kisigino na chini ya shina la kidole gumba. Baada ya miezi kadhaa ya kutembea, ndala iliyoanza na milimita 12 inaweza kubaki na 6 kisiginoni huku katikati ikiwa bado na 11. Mtu anaitazama kwa pembeni na kuiona nzima, kumbe pale anapokanyaga hasa imeshakwisha. Na kisigino kikiwa chini kuliko sehemu ya mbele, kigimbi na ukano wake wa nyuma vinavutwa zaidi katika kila hatua.

Kipimo cha haraka ni kidole gumba cha mkono. Bonyeza soli chini ya kisigino kwa nguvu zako zote, kisha bonyeza katikati ya soli ambako hapakanyagwi. Kama katikati panabonyea na kurudi lakini kisiginoni unahisi ugumu mara tu unapoanza kubonyeza, sponji imekufa. Haijalishi kamba bado ni nzima.

Kuna pia suala la nyufa za kisigino. Kisigino kisichozungukwa na kitu chochote, kikibonyezwa, mto wake wa mafuta unatanuka pembeni, na ngozi kavu ya ukingoni inachanika. Mafuta ya kupaka husaidia, lakini kiatu chenye kibakuli cha kisigino, yaani soli iliyoinuka kidogo nyuma na pembeni, kinauzuia mto usitanuke kiasi hicho. Hii ni faida ambayo wauzaji wa sandali huwa hawaitaji, na kwangu mimi ni kubwa.

Goti: sehemu ambayo watu wanaambiwa nusu ya habari

Utasikia kwamba ndala "zinaua magoti" kwa sababu kishindo kinapanda moja kwa moja. Vipimo havisemi hivyo. Mwaka 2008, Justin Shroyer na mwenzake Wendi Weimar wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, waliwapima vijana 39 wa chuo wakitembea kwa ndala na kisha kwa raba za michezo. Wenye ndala walipiga hatua fupi zaidi, na visigino vyao viligusa chini kwa nguvu *ndogo* kuliko walipovaa raba. Mtu akiwa na ndala anatembea kwa tahadhari: hainui vidole vizuri, harushi mguu mbele kwa uhuru, anaogopa kiatu kisimtoke.

Mwaka 2010, Najia Shakoor na wenzake wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walikwenda mbele zaidi. Waliwachukua watu 31 ambao magoti yao yalikuwa tayari yamelika gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, wakawapima wakitembea kwa aina kadhaa za viatu na kwa miguu mitupu. Walichopima ni nguvu inayoelemea upande wa ndani wa goti, ambao ndio hulika kwanza kwa wengi. Viatu vizito vya kusimamisha mguu, pamoja na vile vya soli nene ngumu, viliongeza mzigo huo kwa hadi asilimia 15 hivi. Ndala na viatu bapa laini vya kutembelea havikutofautiana sana na miguu mitupu.

Kwa hiyo ukisikia kwamba ndala inaongeza uzito juu ya goti, usikubali haraka. Ndala inalisumbua goti kwa njia nyingine, na nitazitaja mbili ambazo nina hakika nazo.

Ya kwanza ni kuinama kwa mguu kwenda ndani. Soli isiyo na umbo lolote, ikishalika upande wa ndani, inauacha wayo ulale kuelekea huko. Wayo ukilala ndani, mfupa wa muundi unazunguka nao kidogo, na goti linafuata. Kwa hatua moja ni kitu kidogo, lakini kwa mtu ambaye tayari ana nyayo bapa au pia ya goti inayouma akishuka ngazi, kujirudia kwake kunahisiwa. Njia ya kuona ni kumwomba mtu asimame nyuma yako ukiwa umevaa ndala zako za siku zote, umekunja magoti kidogo kama unayetaka kuketi. Kama magoti yanaelekeana badala ya kuelekea vidole, na ukizivua yananyooka, ndala zimehusika.

Ya pili ni kujikwaa. Ncha ya mbele ya ndala laini hujikunja chini ya wayo inapogonga ukingo wa ngazi au jiwe, na kisigino huteleza pembeni soli ikilowa. Goti linalojaribu kuuokoa mwili usianguke hupindika ghafla, na mpindiko mmoja wa namna hiyo unaweza kufanya madhara kuliko mwezi mzima wa kutembea. Watu wazima ambao mizani ya mwili imeanza kupungua wanapaswa kulipa uzito jambo hili kuliko yote niliyoyasema.

Hesabu hii inageuza pia namna ya kuchagua mbadala. Ukikimbia ndala nyembamba ukaenda kununua kiatu cha wazi chenye soli nene ngumu kama ubao na kisigino kilichoinuka, umeuondolea unyayo taabu na kuliongezea goti. Kinachofaa ni kiatu kinachoshika mguu, chenye unene wa wastani, na kinachokunjika.

Vinne vikiwekwa pamoja

| Kiatu | Kinashikwa na nini | Chini ya kisigino | Kinafaa wapi |
|---|---|---|---|
| Ndala nyembamba | Vidole | Hulika haraka | Bafuni, hatua chache |
| Ndala nene iliyochongwa | Vidole, lakini kidogo | Nzuri ikiwa sponji ni ngumu kiasi | Safari fupi, sehemu za maji |
| Slipa ya mkanda mpana | Mkanda na vidole | Hutofautiana sana | Nyumbani, kusimama jikoni |
| Sandali ya mkanda wa nyuma | Mikanda mitatu | Nzuri, hudumu | Kutembea kutwa |

Jedwali linarahisisha mno, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu kila kimoja.

Ndala nene iliyochongwa ndiyo hatua ya kwanza kwa mtu asiyetaka kuachana na ndala. Ina kibakuli cha kisigino, tao lililoinuka, na mara nyingi kamba pana ya kitambaa au mpira laini inayokumbatia wayo badala ya kuukata. Kwa kuwa kisigino kimekaa ndani ya shimo lake, kiatu hakitelezi sana, na vidole vinabana kwa nguvu ndogo. Lakini vinabana. Ukiipeleka kilomita tatu utaujua ukweli. Tao lake pia halifanyi miujiza: likiwa juu mno au limekaa mahali pasipo tao lako, litakuchoma kama umekanyaga kijiti. Kama unalihisi dukani, halitapotea nyumbani.

Slipa ya mkanda mpana inadanganya. Kwa kuwa haina kamba kati ya vidole, mtu hudhani vidole vimepumzika. Kama mkanda uko juu kabisa, karibu na kifundo, na unaweza kukazwa, ni kweli kwa kiasi. Kama uko mbele juu ya mashina ya vidole na umelegea, vidole vinajikunja na kuchimba soli vilevile, na wayo unasukumwa mbele hadi vidole vinachungulia nje. Ile ya sponji nyepesi yenye matundu na mkanda wa nyuma unaogeuzwa ni bora, ila watu wengi huugeuzia mkanda mbele na kuutembeza kama pambo.

Sandali ya mkanda wa nyuma ina mambo matatu yanayoibeba: mkanda juu ya vidole, mkanda juu ya wayo karibu na kifundo, na mkanda nyuma ya kisigino. Huo wa katikati ndio watu huupuuza. Unauzuia wayo usiteleze mbele, na bila huo mkanda wa nyuma peke yake unageuka kuwa wa kuchubua. Chagua ile ambayo angalau mikanda miwili kati ya mitatu inarekebishika, kwa bizimu au kwa kubandika, kwa sababu miguu huvimba kidogo kuelekea jioni na kiatu kinachokaa vizuri asubuhi kinaweza kubana saa kumi na moja.

Na zile sandali za ngozi bapa au za tairi? Tatizo la kushika zimelitatua ikiwa zina mkanda wa nyuma, na hudumu kuliko zote. Soli yake tu haipokei kishindo. Kwenye njia za udongo hazina neno. Kwa anayekanyaga saruji siku nzima na kisigino chake kimeshaanza kulalamika, aweke juu ya soli kipande cha sponji ngumu cha milimita 4 au 5, kilichokatwa kwa umbo la soli na kugandishwa kwa gundi ya viatu. Fundi viatu yeyote anaweza.

Kupima kabla ya kununua

Shika sandali kwa mikono miwili, moja nyuma na moja mbele, uikunje. Inatakiwa ikunjike pale tu vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati, chini ya tao, haina uti wa kuubeba unyayo. Isipokunjika popote, itakulazimisha utembee kama unayekanyaga ubao, na hapo tunarudi kwenye hadithi ya goti. Kisha ipinde kama unayekamua nguo. Ijipinde kidogo tu. Ikizunguka kama kitambaa, irudishe.

Unene wa milimita 20 hadi 30 chini ya kisigino unatosha kwa matembezi ya kila siku, na tofauti ya kisigino na mbele isizidi sentimita moja hivi. Zaidi ya hapo unaanza kununua urefu. Bonyeza kwa kidole gumba kama nilivyoeleza: sponji nzuri inapinga kwanza, halafu inabonyea, halafu inarudi mara moja. Ile inayozama kama godoro inapendeza kwa dakika tano za dukani na kuisha kabla ya zote.

Vaa jioni, vaa zote mbili, na usimame. Nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu zaidi (si lazima kiwe gumba) pabaki nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja ya soli. Kisha fanya jaribio la vidole: funga mikanda, inua mguu, legeza vidole, tikisa. Kiatu kisisogee. Tembea na uvitazame vidole vyako vikiwa hewani. Vikiwa vimelala au vimeinuka kidogo, umepata. Vikiwa vimejikunja kama vinashika penseli, kaza mikanda ujaribu tena, na visipotulia tafuta kingine.

Mfano wa kilomita nne

Tuchukue mama mmoja wa miaka hamsini anayetembea kilomita 4 kwa siku, kwenda na kurudi, kwenye barabara ngumu, kwa ndala ambazo kisiginoni zimebaki na milimita 6. Asubuhi akishuka kitandani hatua za kwanza zinamchoma chini ya kisigino upande wa ndani, kisha maumivu yanapungua akishatembea kidogo, na jioni yanarudi. Kigimbi kimekaza. Goti la kulia linauma akishuka ngazi tu. Hizo hatua za kwanza za asubuhi ni dalili ya kawaida ya utando wa chini ya unyayo uliochokozwa pale unaposhikana na mfupa wa kisigino: usiku umejikunja, asubuhi unavutwa ghafla.

Tukichukulia hatua yake ya kawaida ni sentimita 70, kilomita 4 ni hatua 5,700 hivi. Kwa ndala inafupika, tuseme hadi 66, na hatua zinakuwa 6,060 hivi. Nyongeza ya hatua 350 si kitu cha kuogopesha. Kinachonishughulisha ni kwamba kila mguu unapita hewani mara 3,000, na kila mara vidole vinabana. Ni mazoezi ya misuli ileile, mara elfu tatu, kila siku, bila mtu kuyaita mazoezi.

Akipata sandali ya mikanda mitatu, asiitembeze kilomita nne siku ya kwanza. Misuli na ngozi vimezoea kitu kingine. Siku tatu za mwanzo aivae upande mmoja wa safari, upande mwingine avae kiatu kingine kinachofungika, na akague nyuma ya kisigino na juu ya wayo kama kuna wekundu. Wekundu unaokwisha ndani ya nusu saa ni kuzoeana. Unaobaki au unaotoa lengelenge unamwambia mkanda ukae mahali pengine. Baada ya wiki aivae safari nzima. Ndani ya nyumba yenye sakafu ya vigae asirudi kwenye ndala zilezile, maana saa za jikoni nazo ni za kusimama. Hapo ndipo ile ndala nene iliyochongwa inapopata kazi.

Kila siku anyooshe kigimbi: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, ahesabu hadi 30, mara tatu kwa kila mguu. Kigimbi kinatarajiwa kulegea mapema. Kisigino ni cha subira, wiki kadhaa na mara nyingine miezi, na asitegemee kwamba sandali peke yake itakiponya. Kuhusu goti ningekuwa mwangalifu kuahidi. Kama maumivu ya kushuka ngazi yalitokana na wayo kulala ndani, yatapungua. Kama gegedu limeshalika, kiatu kitapunguza usumbufu wa kutembea na kuteleza, lakini goti litahitaji kuimarishwa misuli ya paja na, kwa wengine, kupunguza uzito wa mwili.

Ndala zibaki wapi

Sizitupi zote. Bafuni, kando ya bwawa, kutoka chumbani hadi uani, ndala nyembamba inakauka haraka na inaukinga unyayo na sakafu ya wengi. Kwa hatua mia mbili tatu hakuna mguu unaolalamika. Zibadilishwe tu kipimo cha kidole gumba kinaposhindwa, au kamba inapoanza kuchomoka, kwa sababu kamba ikichomoka katikati ya ngazi mtu huanguka.

Wenye kisukari ambao wameanza kupoteza hisia miguuni wasivae ndala za kamba kabisa, hata uani. Kamba inaweza kuchimba jeraha kati ya vidole bila mwenyewe kusikia, na mwiba au kokoto huingia kwa urahisi. Kwao hata sandali niliyoisifu hapa si chaguo la kwanza; wanahitaji kiatu kilichofungwa, chenye nafasi ya kutosha na ndani pasipo mshono unaokwaruza, na wakague nyayo kila jioni. Na mtu yeyote ambaye kisigino kimevimba au kina joto, au kinauma hata akiwa amelala, au goti limevimba ama linakwama likikunjwa, aende kwa daktari kabla ya kwenda kwa muuza viatu.